Kibanda cha kahawa Barabara ya Nkrumah: ni vikombe vingapi kwa siku?

*"Nimepata kibanda karibu na maofisi ya Barabara ya Nkrumah, Mombasa. Kodi ni 24,000 kwa mwezi, na mwenyewe anataka dipoziti ya miezi miwili. Kuna mashine ya espresso ya mitumba pamoja na kisagio chake, zote 240,000, bado sijalipa. Kapuchino nitauza 180. Buni, maziwa na kikombe vitanigharimu kama 60, kwa hiyo kila kikombe kinaniachia 120. Nikigawa 24,000 kwa 120 napata vikombe 200 kwa mwezi, hata saba kwa siku havifiki. Nina msaidizi mmoja tayari. Kazi yangu ya sasa inanilipa 32,000 na nataka kuiacha. Wifi yangu anasema hesabu yangu ni ya ndoto, halafu papo hapo ananishauri nianze na bei ya 150 ili nivute watu. Nimsikilize?"*

Dada, njia uliyotumia ndiyo yenyewe. Unachukua gharama ambazo utalipa hata usipouza kikombe kimoja, unazigawa kwa kile kinachobaki kila kikombe kinapouzwa, na jibu ni idadi ya vikombe ambapo hupati faida wala hasara. Kasoro iko kwenye tarakimu ulizoweka ndani. Juu umeweka kodi peke yake, chini umeweka kikombe cha bei nafuu kuliko kile utakachomkabidhi mteja, na mwishoni umegawa kwa siku 30 katika mtaa ambao haufanyi kazi siku 30. Kila kosa lina uzito wake, na yote matatu yanavuta upande mmoja. Nitatumia bei zako ulizotaja, na pale ambapo hukutaja nitaweka makadirio ambayo utayabadilisha ukishauliza madukani.

Tuanze na kikombe, kwa sababu hapo ndipo wengi hujidanganya bila kujua. Kapuchino moja ya mashine hutumia takriban gramu 18 za buni iliyosagwa. Kwa karatasi, kilo moja inatoa vikombe 55. Kwenye kibanda haitoi 55. Kila asubuhi utarekebisha kisagio, utatoa kahawa mbili tatu za majaribio na kuzimwaga, na hewa ya Mombasa ikibadilika unyevu mchana utarekebisha tena. Hesabu vikombe 50 kwa kilo. Buni iliyokaangwa ukiipata kwa 1,600 kilo, hiyo ni shilingi 32 kwa kikombe. Maziwa ni kama mililita 160. Paketi ya nusu lita ya shilingi 65 inatoa vikombe vitatu ikiwa hakuna kinachobaki kwenye jagi, na daima kuna kinachobaki, maana maziwa yakishapigwa mvuke hayafai kupashwa mara ya pili. Weka 24. Kikombe cha karatasi na kifuniko chake, 14. Sukari, kijiti na tishu, 5. Kikombe kilichokosewa na kurudiwa, au alichoonjeshwa mlinzi wa jengo, kigawe kwa vikombe vyote, weka 4.

Tumefika 79 na bado kuna kitu kimoja ambacho watu hukitupa upande usio wake, yaani ushuru. Mauzo yakitarajiwa kupita milioni moja kwa mwaka na hayazidi milioni 25, unaingia kwenye ushuru wa mauzo ambao KRA huuita TOT, asilimia 3. Ushuru huu hautozwi kwenye faida. Unatozwa kwenye mauzo yote kabla hujatoa gharama yoyote, na hulipwa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwezi wa hasara unaulipa vilevile. Kwa maana hiyo unafuata kila kikombe kama kifuniko kinavyokifuata, na mahali pake ni kwenye gharama ya kikombe: asilimia 3 ya 180 ni shilingi 5 na senti 40. Jumla kikombe chako ni karibu 85, na kinachobaki ni 95. Tofauti na 120 yako ni shilingi 25, na ndizo hizo zinazobadilisha kila kitu kinachofuata.

Sasa gharama za juu, zile zisizojali umeuza ngapi. Kodi ni 24,000. Msaidizi, tuseme unamlipa 17,000. Juu ya hapo kuna mchango wa mwajiri wa NSSF na tozo ya nyumba, kwa hiyo andika 18,300. Stima iweke 7,000. Najua inaonekana kama gharama ya kila kikombe, lakini mashine ya espresso hukaa na bwela lililochemka tangu asubuhi hadi jioni, na tokeni huisha hata siku ambayo watu hawakuja. Maji weka 3,000, ya mtungi yaliyosafishwa. Usishawishike kutumia maji ya kisima cha jirani kwa sababu ni rahisi. Maji mengi ya visima kisiwani yana chumvi, yataharibu ladha kwanza na bwela baadaye. Leseni ya kaunti na vyeti vya afya hulipwa kwa mwaka, lakini zigawe kwa 12, tuseme 1,500. Taka, ulinzi, simu na intaneti, 2,700. Matengenezo ya kawaida ya mashine, mipira na vichujio, 1,500.

Na mashine yenyewe. Hata ukiilipa taslimu leo, inachakaa kila mwezi na siku moja utahitaji nyingine. Ukiipa miaka minne, 240,000 ugawe kwa miezi 48, ni 5,000 kwa mwezi. Hiyo pesa haitoki mfukoni kila mwezi, lakini usipoihesabu utadhani biashara inasimama kumbe inakula mashine. Dipoziti ni kinyume chake: 48,000 zinatoka mfukoni siku ya kwanza lakini si gharama, ni pesa yako iliyofungiwa kwa mwenye kibanda. Isiingie kwenye hesabu hii. Iingie kwenye hesabu ya mtaji, na iandikwe kwenye mkataba kwamba inarudi, na kwa masharti gani.

Jumlisha: 63,000 kwa mwezi badala ya 24,000.

Gawa 63,000 kwa 95. Unapata vikombe 664 kwa mwezi. Sasa siku. Wateja unaowategemea ni watu wa ofisi, na watu wa ofisi hufanya kazi takriban siku 22 kwa mwezi. Jumamosi utauza kidogo asubuhi, mchana barabara ile inatulia, na Jumapili huna mtu. Usijenge hesabu juu ya siku hizo. Kikitoka kitu, ni nyongeza. Vikombe 664 kwa siku 22 ni 31 kwa siku. Hapo umelipa watu wote isipokuwa wewe.

Mshahara wako wa sasa ndio gharama iliyosahaulika kabisa. Ukiacha kazi, 32,000 hizo umezitoa kuzipa biashara, na hesabu isiyokulipa inaonyesha tu kwamba msaidizi na mwenye kibanda wako salama. Ongeza 32,000 kwa 63,000, unapata 95,000. Gawa kwa 95, ni vikombe 1,000 kamili kwa mwezi, yaani 46 kwa siku. Kwa hiyo una namba mbili za kukumbuka. Chini ya 31 kibanda kinakula akiba yako. Kati ya 31 na 46 kibanda kinajilisha lakini wewe umeshuka mshahara. Juu ya 46 ndipo umefanya vizuri kuliko ulipokuwa.

Kufikia hapa wifi yako ana haki. Kwenye suala la 150 ndipo ninapompinga, na nampinga kwa nguvu. Gharama ya kikombe haishuki kwa sababu umeshusha bei, isipokuwa ule ushuru unaopungua senti chache. Ukitoa shilingi 30 kwenye bei, umezitoa karibu zote kwenye ile 95, na inabaki 66. Gawa 63,000 kwa 66: vikombe 955, yaani 44 kwa siku badala ya 31. Bei imeshuka sehemu moja kati ya sita, lakini unahitaji wateja 13 zaidi kila siku ili ubaki palepale pa kutopata kitu. Na mteja aliyezoea 150 hukasirika ukirudi 180. Ukitaka kuvuta watu wiki za mwanzo, toa ofa yenye mwisho unaojulikana, kwa mfano kikombe cha sita bure kwa atakayenunua vitano. Kikombe cha bure kinakugharimu karibu 80, si 180, na kinampata tu aliyekwisha kurudi mara tano.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza lakini nadhani litakukuta wiki ya kwanza. Si kila atakayesimama dirishani atataka kapuchino. Mombasa watu wanajua kahawa yao. Nyuma ya barabara hiyo hiyo kuna wauzaji wa kahawa chungu wenye dele na vikombe vidogo, na huwezi kushindana nao kwa bei wala sioni haja. Lakini wengi watakuomba kahawa ya tangawizi ya kubeba. Tuseme unaiuza 60 na inakugharimu 25 pamoja na kikombe na ushuru, inaacha 35. Wateja kumi wakija, sita wakachukua kapuchino na wanne tangawizi, kinachobaki kwa wastani si 95 tena, ni 71 kwa mteja. Kiwango cha kurudisha gharama kinapanda kutoka wateja 31 hadi 41 kwa siku, na kile cha kukulipa wewe kutoka 46 hadi 61. Haimaanishi usiuze tangawizi. Mteja wa tangawizi ambaye asingenunua kapuchino kamwe anakuletea 35 ambazo usingezipata. Maana yake ni kwamba usipime siku kwa kuhesabu vikombe tu. Siku yenye vikombe 50 ambavyo 40 ni tangawizi imeleta 2,350, na siku yenye kapuchino 31 imeleta 2,945. Andika kila aina peke yake jioni, kwenye daftari, na uzidishe kila moja kwa baki yake. Kodi na gharama zako za juu zinadai 2,864 kila siku ya kazi. Hiyo ndiyo namba ya kubandika ukutani.

Sasa tazama kama wateja 61 wanawezekana kwa mikono. Mashine ya kichwa kimoja, mtu aliyezoea, hutoa kapuchino moja kwa takriban dakika mbili ukihesabu kusaga, kukamua, kupiga maziwa na kupokea M-Pesa. Watu wa ofisi hawaji kwa kugawanyika sawasawa siku nzima. Wanakuja kabla ya saa mbili asubuhi, na wachache saa nne na baada ya chakula cha mchana. Nusu ya wateja wako wakifika kati ya saa moja na nusu na saa mbili na nusu, hao ni 30 ndani ya saa moja, na wote wakitaka kapuchino, dakika 60 zote zimekwisha bila nafasi ya kukosea hata kimoja. Foleni ikifika watu watano, wa sita anatazama saa anaondoka. Hapo ndipo tangawizi iliyokwisha kuchemshwa na kukaa kwenye chupa ya moto inakusaidia kweli, kwa sababu inamiminwa kwa sekunde kumi na msaidizi bila kugusa mashine. Lakini ukiona kwamba hesabu yako inahitaji wateja 80, kwa mashine hiyo na watu wawili tatizo halitakuwa tena wateja. Litakuwa mashine.

Kuhusu mwaka mzima, kitu kimoja kinastahili hesabu yake pekee: Ramadhani. Kibanda cha mchana katikati ya mji wetu hupoteza sehemu kubwa ya wateja mwezi huo, na kodi haifungi. Tuseme mauzo yanashuka hadi theluthi moja ya kiwango cha kurudisha gharama. Utauza vikombe 221 badala ya 664, upungufu wa vikombe 443, ambao kwa 95 ni takriban 42,000. Ukiugawanya kwa miezi 11 mingine ni vikombe 40 kwa mwezi, karibu viwili kwa siku. Kwa hiyo lengo lako la kweli la kapuchino ni 33, na hizo mbili za juu zinawekwa kando hadi 42,000 zitimie kabla mwezi haujaandama. Msaidizi ana haki ya likizo ya siku 21 kwa mwaka yenye malipo, basi mwombe aichukue wakati huo, ili usihitaji kumlipa mtu wa kumshikia nafasi mwezi wenye kazi nyingi. Ramadhani hutangulia siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo angalia inaangukia wapi kabla ya kutia sahihi. Kufungua kibanda kipya wiki sita kabla yake ni kuzoesha wateja halafu kuwapoteza. Mwisho wa Desemba nao maofisi hufunga, lakini ni wiki moja au mbili, si mwezi.

Kabla ya kulipa chochote, nenda ukasimame pale. Chukua asubuhi tatu za kazi, moja iwe Ijumaa, kuanzia saa moja hadi saa nne. Usihesabu wapita njia wote, maana idadi yao itakudanganya. Hesabu wanaopita upande wa kibanda wakielekea maofisini, na peke yao hesabu wanaopita na kikombe mkononi kutoka kwingine. Hao wa pili ndio ushahidi, kwa kuwa tayari wanalipa bei kama yako. Ukiona 15 kwa asubuhi nzima, vikombe 46 vitakuwa vita. Ukiona 60 au 70 na wanavitoa mbali, una la kufanyia kazi.

Na kama idadi ni ndogo, usikimbilie kubishania kodi kwanza. Mwenye kibanda akikupunguzia 4,000, umeokoa vikombe 42 kwa mwezi, viwili tu kwa siku. Kibanda kingine cha 34,000 kilicho mlangoni pa jengo kubwa kinadai vikombe vitano zaidi kwa siku kuliko hiki, na huenda mlango huo ukavileta kabla ya saa mbili. Jambo la kumwomba mwenye kibanda ni kodi ya kupanda: nusu kwa miezi mitatu ya kwanza, kamili baadaye. Miezi hiyo ndiyo wateja wanakujua, na ndiyo inayomaliza mtaji wa watu wengi. Kazi yako usiiache siku ya ufunguzi. Msaidizi akiweza kushika asubuhi nawe ukija jioni kufunga hesabu, endelea hivyo mpaka daftari lionyeshe miezi miwili mfululizo juu ya 4,319 kwa siku, yaani zile 95,000 zenye mshahara wako ndani, ukizigawa kwa siku 22.

Mambo matatu hayamalizwi kwa maandishi. Mashine ya mitumba mpeleke fundi wa mashine za kahawa aifungue bwela kabla hujatoa 240,000, atazame magamba ya chumvi na kutu. Akikuta mengi, bei ishuke au uondoke. Mpeleke pia fundi wa stima kwenye kibanda chenyewe, kwa sababu mashine ya namna hiyo inaweza kula wati elfu mbili hadi tatu, na vibanda vingi vimevutiwa waya mwembamba wa taa na soketi ya kuchajia simu. Na ofisi za kaunti ukaulize kama kibanda kiko kwenye hifadhi ya barabara na kama anayekukodisha ndiye mwenye kibali. Uliza kabla ya dipoziti, na uone karatasi kwa macho yako. Kwa usajili wa TOT, mhasibu wa kawaida mjini atakufanyia kwa kikao kimoja. Mpelekee hesabu hii ukiwa umebadilisha makadirio yangu kwa bei ulizoulizia, na umwombe akague jumla ya gharama za juu kabla ya kitu kingine chochote.